Kifaranga Ukutani

"Na siku ukianguka usiinuke, huyu mtoto atagonga mlango wa nani?"

Msusi aliuliza swali hilo wakiwa wanaanika nguo kwenye kamba moja, yeye upande huu na Bibi upande ule, shuka ikiwatenganisha. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sabuni. Bibi akatoa kibanio mdomoni, akacheka kidogo.

"Atagonga wako. Si uko karibu?"

"Wangu una watoto wawili ndani na kitanda kimoja, mama. Usinifanyie mzaha."

"Basi Mungu atamfungulia wa kwake."

Msusi hakucheka. Na alikuwa na sababu ya kutocheka. Siku chache kabla ya hapo Bibi alikuwa ameteleza bafuni jioni, akalala kwenye sementi hadi alfajiri, nyonga imemkaza. Mjukuu wake alimfunika kanga mbili, akaketi kando yake, akamshika kidole. Hakwenda kuita mtu, kwa kuwa Bibi mwenyewe alimfundisha kwamba giza likishaingia mlango haufunguliwi, hata wakibisha malaika. Asubuhi Msusi alipokuja kuomba chumvi ndipo akasikia sauti ndogo ndani ikisema, "Tumo humu, lakini Bibi amelala vibaya."

Nyonga ilipona. Swali halikupona. Bibi alimnunia jirani yake wiki nyingi. Salamu zikawa za kupitishia menoni. Alikuwa mjane wa muda mrefu, mtu wa sala, mtu ambaye hapandishi sauti wala kitasa hakisahau, na hakupenda kuulizwa jambo ambalo yeye mwenyewe alikwisha kuliuliza magotini na hajajibiwa.

Hakujua kwamba Msusi, baada ya kuchoka kununiwa, alitafuta namba ya simu ya baba wa mtoto kwa madereva wa malori, akampigia.

*

Baba alifika alasiri, lori lake akaliacha barabarani kwa sababu uchochoro haukulitosha. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, na alipoingia ilibidi ainame. Alimwamkia mkwewe kwa heshima, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akaweka mfuko magotini. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vyeusi vya shule.

Mtoto aliitwa Kijiti, kwa kuwa alizaliwa mwembamba na mwembamba akabaki. Mama yake, binti pekee wa Bibi, alimzaa na siku ileile akafariki. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kulala njiani, akamwacha mtoto kwa bibi yake akiwa bado kichanga ndani ya kitambaa. Tangu hapo alituma sabuni, alituma vitambaa, alituma salamu. Mwenyewe alikuja mara mbili. Kijiti alimwita "yule wa lori."

"Mama," baba alisema, macho kwenye mfuko, "sasa nimepata kazi ya kuzunguka mjini tu. Kila jioni niko nyumbani. Na nimeoa, unajua. Mwenzangu hana neno. Shule iko ng'ambo ya barabara. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Lini?"

"Leo. Lori lazima liwe kituoni asubuhi."

"Leo." Bibi aliendelea kuchambua mchele. "Mtoto si mzigo wa kupakia unapopita, baba."

"Najua, mama."

"Na mimi?"

Baba akajikuna shingo. "Chumba ni kimoja kwa sasa. Nikipata kikubwa, nitakufuata na wewe."

Yalikuwa maneno mazuri, na Bibi aliyasikia kama mtu anavyosikia "karibu" ya mtu aliyekutwa akila: husemwa, lakini hakuna anayekaa. Akainamisha uso kwenye ungo. Moyoni aliomba ombi moja tu, tena bila kupamba: Mungu wangu, zuia. Sijui vipi. Zuia tu.

Aliwapakulia wali na maharage, akampangia mtoto nguo moja moja, akizikunja, akizikunjua, akitafuta vifungo ambavyo havikupotea. Jua likashuka. Kijiti alikaa pembeni mwa sanduku la nguo, hajauliza lolote, viatu vipya mkononi, hajavivaa.

Taa ikazimika.

Uchochoro mzima ukasema "aaah!" kwa pamoja, redio zikakatwa katikati ya neno, feni ya jirani ikaguna ikanyamaza. Bibi alisimama gizani na gauni la mtoto kifuani. Hakuwa mtu wa kudhani mambo, lakini alikuwa ameomba safari izuiwe, na giza limekuja. Akalipokea.

"Mama, nitawasha tochi ya simu tumalize kupanga," baba alisema.

"Kupanga gizani ni kusahau nusu. Subiri umeme urudi."

"Na usiporudi mapema?"

Kabla Bibi hajajibu, miguu midogo ilisikika uchochoroni, mbio mbio. Walikuwa watoto wa Msusi. Mkubwa, msichana, aliitwa Swali, kwa sababu hajawahi kumaliza kula bila kuuliza. Mdogo wake alikuwa Bonge, na jina linajieleza. Ilikuwa desturi ya uchochoro ule: umeme ukienda, watoto wanakwenda kwa Bibi.

"Bibi! Ukuta!" Bonge akapiga kelele.

"Leo hakuna," baba alisema kwa upole. "Tunaondoka."

"Hadithi moja," Bibi akasema. "Ya kuagana. Umnyime mtoto hata hiyo?"

Baba alitazama gizani ulipokuwa uso wa mkwewe. "Moja, mama. Moja tu."

*

Watu hudhani mchezo wa vivuli ni vidole. Vidole ndiyo kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni taa.

Bibi alitoa kopo la maziwa ya unga lililokatwa ubavu mmoja, kama nyumba isiyo na ukuta wa mbele. Ndani alikuwa amelipaka masizi, kwa kuwa bati linalong'aa hurudisha mwanga, na mwanga unaorudi ni taa ya pili. Akasimamisha mshumaa humo, akakata utambi kwa mkasi hadi ukabaki kipande kama ukucha. Utambi mrefu hutoa moto mnene, na moto mnene hufanya kingo za kivuli ziwe kama wino uliolowa. Akafunga dirisha. Joto lingewachemsha kidogo, lakini upepo ukiingia kila mnyama hutetemeka kama mwenye homa. Kopo akaliweka juu ya kigoda kilichopandishwa juu ya sanduku, mwanga ukapita juu ya vichwa vya watoto waliokaa mkekani, ukatua kwenye shuka nyeupe iliyobanwa ukutani.

Yeye alikaa nyuma yao, kando ya mshumaa. Watoto walitazama shuka. Sheria ilikuwa moja na waliijua: asigeuke mtu. Anayegeuka huona mikono, na akishaona mikono hadithi inakufa.

Kijiti peke yake hakukaa mkekani. Alikuwa na cheo chake. Alikaa chini ya shuka kabisa, bega likigusa ukuta, kwa sababu yeye ndiye aliyecheza wadogo. Mkono ukiwa karibu na ukuta kivuli chake huwa kidogo na kikali, unaona hadi ukucha. Mkono ukiwa karibu na moto kivuli huvimba, hufika darini, hulegea kingo. Bibi mmoja hawezi kuwa pote pawili. Hivyo Bibi alicheza wakubwa, na Kijiti alicheza wadogo, na tangu akiwa na miaka minne hawakuwahi kugongana.

"Taa imelala!" Bibi akaita.

"Ukuta umeamka!" watoto wakajibu, Bonge kwa sauti ya mtu mwenye njaa.

Kwanza aliwapa mbwa, viganja vimeunganishwa, magumba juu kama masikio, kidole cha mwisho kikishuka na kupanda kuwa taya. Mbwa alibweka, Bonge akabweka naye. Kisha bata: mkono umesimama kuwa shingo, kiwiko kwenye goti, kiganja kimeinama kuwa kichwa, na kati ya gumba na kidole cha shahada upenyo mdogo unaopitisha mwanga kuwa jicho.

"Bata anakula nini?" Swali akauliza.

"Maswali."

Watoto wakacheka. Hata kwenye kiti cha mlangoni kukasikika pumzi ya kicheko. Na ile pumzi ndiyo iliyomuuma Bibi, kwa sababu ilifanana na ya mtu aliyeko nyumbani kwake.

Simu ikawaka mlangoni. Baba alikuwa akitazama saa. Papo hapo bata ukutani akafifia, na pembeni yake akatokea bata mwingine, mwembamba, amepinda.

"Wamekuwa wawili!" Bonge akashangilia.

"Zima, baba," Bibi alisema. "Ukiwasha hiyo kila mnyama anapata pacha, nami sina chakula cha kuwalisha."

Simu ikazimwa. Bibi alipumua. Mshumaa ulikuwa umeshuka kidogo, na umeme bado haujarudi, na hadithi moja bado haijaanza. Ndipo akaianza, na wakati anafungua mdomo alijua anakwenda wapi.

"Paliondokea kuku mkongwe," akasema, "mwenye kifaranga kimoja tu."

Kijiti, chini ya shuka, akakusanya vidole vyake, ncha zikakutana, kifaranga kikatokea: kidogo, cheusi, kikali, kikidonoa upindo wa shuka. Watoto wakasema "aaa."

"Hakukitaga yeye. Alikiokota kikiwa na unyevunyevu, mama yake hayupo. Akakifunika bawa. Mvua, bawa. Baridi, bawa. Hata yeye mwenyewe akidondoka hawezi kuinuka, bado bawa."

"Kikala nini?" Bonge akauliza.

"Chenga. Siku moja juu kabisa akaonekana mwewe."

Alishikamanisha magumba yake, akatandaza viganja, akabana vidole na kuvikunja ncha kidogo tu. Alianza mbali na moto, mikono imenyooshwa mbele juu ya vichwa vya watoto, kwa hiyo mwewe alikuwa mdogo kama shomoro kwenye pembe ya shuka. Akampigapiga mabawa taratibu.

"Mwewe huyu alikuwa msafiri. Leo yuko huku, kesho kule. Kifaranga kikiugua, yeye yuko safarini. Kikiota manyoya, yuko safarini. Siku hiyo akapita, akatazama chini, akasema, he! Kumbe kimekua!"

"Si mzuri huyo," Swali akanong'ona.

"Ngoja. Alikuja na zawadi mdomoni. Punje mbili, nyeusi, zinang'aa kama viatu vipya."

Kwenye kiti cha mlangoni hakukusikika tena pumzi. Baba alikuwa dereva, hakuwa mjinga. Mlango ulikuwa nusu wazi na Msusi alikuwa amefika, amekuja kuwachukua wanawe, amesimama na kitana kimechomekwa kwenye nywele. Naye alisikia.

"Mama," Msusi alisema chini chini, "hadithi yako leo ina miiba."

"Ndiyo maana hatuitembei pekupeku," Bibi akamjibu, na mwewe akaendelea kushuka.

Kushuka kwa mwewe ni kurudisha mikono kwenye moto. Polepole aliivuta, na mwewe akakua. Mabawa yakafika kingo za shuka, yakatoka nje ya shuka, yakapanda ukutani, yakainama darini. Alikuwa na sheria nyingine ambayo watoto hawakuijua, ya kwake peke yake: mwewe huzunguka kando ya kifaranga, hapiti juu yake. Kwa sababu kivuli kidogo kikiingia ndani ya kivuli kikubwa hakiliwi, hakibebwi, hakifi. Kinatoweka tu. Mwanga uliokuwa unakichora umezibwa, basi. Miaka yote ya kuchezesha ukuta aliikwepa hiyo, maana aliona siku moja binti yake akiwa mdogo akiutafuta mkono wake ukutani na kukosa, na kile kilio hakukisahau.

Jioni ile alimpitisha.

"Mwewe akasema, njoo, nyumbani kuna shule ng'ambo ya barabara. Kuku akasema, bwana mkubwa, bado mdogo. Mwewe hakusikia. Akaja, akaja, akaja..."

Giza la mikono yake likateremka juu ya shuka. Kifaranga kikawa hakipo.

Kijiti alichezesha vidole. Hapakuwa na kitu. Akavichezesha tena, akaunyanyua mkono, akaushusha, akaugusa ukuta. Kulikuwa na weusi tu, na kwenye weusi mkono wake haukuandika chochote.

"Bibi," akasema. "Bibi, siko."

"Mama, inatosha!" Baba alikuwa amesimama. Alipiga hatua mbili kuja mbele, akapita kati ya kopo na ukuta bila kujua, na kivuli chake, kichwa na yale mabega, kikaangukia chumba kizima, mikono ya mwewe ikamezwa nacho. Kijiti aligeuka. Alimwona mtu mweusi mrefu, moto nyuma yake, uso hauna macho.

Mlio aliotoa haukuwa wa mtoto anayecheza. Alikimbia kwa magoti juu ya mkeka, akawakanyaga wenzake, akajitupa kwenye mapaja ya Bibi, na Bibi akahisi maji ya moto yakilowesha kanga yake. Bonge naye akaanza kulia kwa kuwa mtu mwingine analia.

"Siendi! Bibi, siendi naye! Ndiye huyo! Ananimeza!"

Baba alisogea pembeni, mwanga ukarudi ukutani, shuka ikabaki tupu. Alisimama hapo mikono imening'inia kama mtu aliyebeba mzigo akausahau. Kisha akauchukua ule mfuko uliokuwa kitini, akaukunja, akaukunja tena.

"Sitambeba mtoto anayelia hivi, mama," akasema. "Si mbuzi. Nitakwenda. Viatu acha abaki navyo." Akaugeukia mlango. "Sitarudi kumtisha."

Bibi alikuwa ameomba, na amepewa. Alitafuta neno la kushukuru, alilotumia kila siku asubuhi na jioni bila kulitafuta, na halikuja. Alimpapasa mtoto mgongoni. Mbavu zilipanda na kushuka kama za ndege aliyeokotwa.

Kijiti akaweka mdomo sikioni mwake.

"Akija tena usifungue," akanong'ona. "Hata ukianguka tena, Bibi. Hata usipoinuka. Mimi sitamfungulia."

Msusi alikuwa bado mlangoni. Lile swali lake lilikuwa limesimama pale pale tangu siku ya kamba ya nguo, na sasa lilikuwa limepata jibu: hakuna mlango. Ulikuwepo mmoja, na Bibi kwa mikono yake miwili, kwa mshumaa wake, amekwenda kuupigilia misumari kutoka ndani.

Alijiona akilala tena kwenye ile sementi. Alimwona mtoto kando yake, kidole mkononi, mtu akibisha nje, sauti ya baba ikiita jina, na mtoto amenyamaza, anasubiri aende zake.

Ee Mungu, akasema moyoni, ulinipa nilichoomba. Kichukue tena.

"Baba, usitoke," akasema kwa sauti. "Ngoja kidogo. Hadithi haijaisha."

"Imeisha, mama."

"Mwenye hadithi ni mimi. Kaa." Kisha akamshika mtoto kidevu. "Kijiti, geuka. Tazama mshumaa."

"Ulisema tusigeuke."

"Niliyesema ni mimi, na ninayekwambia ugeuke ni mimi."

Mtoto akageuka jicho moja kwanza. Wale wengine wakageuka pia, wamefuta makamasi, wakashangaa kama walioingizwa jikoni kwa mara ya kwanza. Kumbe ni kopo tu. Kumbe ni kigoda juu ya sanduku.

Bibi akanyanyua mikono yake kwenye mwanga. Ilikuwa na mishipa, kovu la mafuta ya moto, pete ya ndoa iliyokwisha kuzama kwenye nyama. Akashikamanisha magumba.

"Mwewe ndiye huyu," akasema. "Hakuna mwingine."

Kijiti alitazama mikono, akatazama ukuta, akatazama mikono.

"Kwa hiyo aliyenimeza ni wewe?"

Bibi angeweza kusema ni mchezo tu, mama. Midomo yake ilikwisha kujikunja kulisema.

"Ni mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka usiende."

Mtoto alimkazia macho, akili inafanya kazi usoni waziwazi. Bibi hakumpa nafasi ya kulia tena. Akamshika kiwiko, akaupeleka mkono wake mdogo karibu na moto, pale unapoanza kusikia joto. "Fanya kifaranga."

Vidole vikakutana. Ukutani kikatokea kifaranga kikubwa kuliko mlango, kidomo chake kinafika darini.

"Loo!" Bonge akasema. "Huyo anashibisha mtaa!"

"Unaona? Ukubwa hauko kwa mwewe. Uko kwa aliye karibu na moto. Sasa wewe baba, nenda ukutani. Keti pale alipokuwa ameketi yeye. Weka mkono kwenye shuka."

Dereva yule alitazama mlango. Kisha akavua viatu, akapita pembeni safari hii, hakukata mwanga, akachuchumaa chini ya shuka, magoti yakafika masikioni. Akaweka mkono wake kwenye kitambaa. Mkono mpana wa usukani ukachora kivuli kidogo, cha mkono tu, hakuna kilichoongezeka.

"Mmeze," Bibi akamwambia mjukuu wake.

Kijiti alisita. Akasogeza kifaranga. Weusi wa vidole vyake ukateremka, na kivuli cha mkono wa baba kikatoweka.

"Jamani," baba akasema, akitazama shuka kwa kweli, akichezesha vidole. "Siko."

Swali alicheka wa kwanza. Bonge akafuata. Kijiti hakucheka, lakini alikivuta kifaranga pembeni ili mkono wa baba urudi. Alifanya hivyo bila kuambiwa.

"Mama," baba akasema kutoka kule chini, "huyu naye unamkumbuka?" Akakunja ngumi ya kushoto kuwa kifua, ncha ya kidole cha shahada ikachomoza kuwa mdomo, mkono wa kulia ukalala juu yake, vidole vitatu vimetawanyika kuwa mkia. Alikuwa kuku, amekaa vibaya, lakini kuku. "Alinifundisha marehemu. Ukuta huu huu. Nilikuja kuposa, umeme ukakatika, wewe ukakaa katikati yetu na mshumaa."

Bibi alimjua kuku yule. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemchezesha hivyo ila binti yake, na Kijiti, ambaye Bibi alimrithisha. Miaka yote hii alidhani amebaki kwao wawili.

"Sivyo," Kijiti akasema. Aliacha mshumaa, akakanyaga mkeka, akafika ukutani, akamshika baba yake gumba. "Hili linakaa juu, liwe kishungi. Ukiliacha hivyo anakuwa bata."

"Hivi?"

"Juu kidogo. Hapo. Sasa usitikisike, baba."

Bibi alilisikia neno lile la mwisho. Alikaa peke yake kando ya moto, na kule mwisho wa mwanga, vidogo na vikali hadi ukucha, kuku wa baba na kifaranga cha Kijiti vilisimama kwenye shuka moja. Alilia bila sauti, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi tena na hapakuwa na mtu wa kugeuka kumwona. Msusi alimwona. Aliingia, akaketi chini karibu na kigoda, mguu wake ukagusa wa Bibi, akauacha hapo.

Taa ikawaka.

Uchochoro ukashangilia, redio zikarukia katikati ya neno jingine, na shuka ikawa shuka, yenye doa la chai pembeni. Wote walifumba macho kwa ukali wa ile balbu.

"Ukuta umelala!" Bonge akaimba. Ilikuwa desturi wote kujibu kwamba taa imeamka. Hakuna aliyejibu.

Bibi akapuliza mshumaa. Akambadilisha mtoto gauni lililolowa, akamvisha vile viatu, akamwambia vimekutosha, ingawa vilizidi kidogo. Akamwekea kopo la masizi ndani ya sanduku, juu ya nguo, likiwa limefungwa gazeti. "Utambi uukate," akasema. "Na dirisha ufunge. Na mtu akibisha..." Akafunga sanduku. "Ukiijua sauti, fungua."

Baba alinyanyua sanduku. "Nitakufuata, mama."

"Nenda, baba. Lori."

Kijiti alisimama katikati ya chumba. Akakusanya vidole, akaunyanyua mkono kuelekea shuka kama alivyozoea. Lakini balbu ilikuwa juu ya kichwa chake, na ukutani hapakutokea kitu. Kulikuwa na alama ya kijivu tu chini sakafuni, karibu na kiatu, isiyo na mdomo wala jicho. Aliitazama. Akaushusha mkono, akakishika kidole cha baba yake, akainama mlangoni ingawa hakuwa mrefu wa kuinama, akatoka.